Barua ya kuwasilisha, dibaji na shukrani mwanzoni mwa ripoti ya mshauri elekezi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yanahusu kurasa tatu zinazotangulia muhtasari katika ripoti ya ushauri elekezi, na yameandikwa kwa wanaofanya kazi na halmashauri, wizara na taasisi zilizopo Dodoma. Mfano mmoja unatumika kuanzia mwanzo hadi mwisho: mshauri amefanya tathmini ya maji na vyoo katika shule za msingi 24 za halmashauri moja ya wilaya mkoani Dodoma, na sasa anakabidhi ripoti ya mwisho. Takwimu za mfano ni za kufundishia tu.

## Kipi ni kipi

1. Barua ya kuwasilisha, dibaji na shukrani zinatofautianaje?

Jiulize anayezungumza ni nani, utapata jibu. Katika barua ya kuwasilisha, mshauri anamwambia mteja: hii hapa kazi mliyoniagiza, chini ya mkataba huu, imefika leo. Katika dibaji, mteja ndiye anayezungumza na wasomaji wa ripoti, akieleza kwa nini aliiagiza na anakusudia kuitumiaje. Katika shukrani, mwenye ripoti anawataja waliomsaidia. Huyo anaweza kuwa mshauri au mteja, kutegemea ripoti itatoka kwa jina la nani.

Makosa mengi ya kurasa hizi yanaanzia hapo. Utaona dibaji imesainiwa na kiongozi wa timu ya washauri, naye anaisifu halmashauri kwa “maono” yake. Utaona barua ya kuwasilisha yenye aya tatu za kuwashukuru watendaji wa kata. Au shukrani zinaanza “tunashukuru kupewa kazi hii”, kana kwamba kazi haikushindaniwa. Sauti zikichanganyika namna hiyo, msomaji hajui tena maneno ni ya nani, na mkaguzi akija baadaye hawezi kujua nani aliahidi nini.

2. Zinapangwa kwa utaratibu gani?

Baada ya jalada na ukurasa wa jina la ripoti hufuata barua, kama imefungwa ndani (swali la 9), kisha dibaji, shukrani, yaliyomo, orodha ya majedwali na picha, vifupisho, na muhtasari. Taasisi nyingine hutanguliza yaliyomo kabla ya dibaji. Ikiwa hadidu za rejea zina kiambatisho cha muundo wa ripoti, fuata hicho bila kubishana. Kama hakipo, omba ripoti ya karibuni ya idara hiyohiyo uige mpangilio wake.

3. Je, kila ripoti lazima iwe na zote tatu?

Hapana. Barua inahitajika kila unapokabidhi kazi iliyotajwa kwenye mkataba, hata kama ni ripoti ya kuanza kazi yenye kurasa 15. Dibaji ina maana pale tu ripoti itakaposambazwa nje ya ofisi ya mteja. Kuiweka kwenye rasimu ni kumwekea mteja maneno mdomoni kabla hajasoma kilichomo. Shukrani nazo zisubiri ripoti ya mwisho, maana orodha ya waliosaidia hubadilika hadi siku ya mkutano wa kuthibitisha matokeo.

## Barua ya kuwasilisha

4. Ripoti nimeshaituma kwa barua pepe. Barua ya nini tena?

Kwa sababu ya saa. Mikataba mingi ya ushauri elekezi inahesabu siku kuanzia mteja alipopokea kazi: siku za kutoa maoni, siku za kulipa, siku za kukubali. Mkataba sanifu wa Benki ya Dunia kwa mshauri anayelipwa kwa muda, kwa mfano, unasema ripoti ya mwisho itahesabiwa kuwa imekubaliwa siku 90 baada ya kupokelewa, isipokuwa mteja awe ameandika ndani ya siku hizo akieleza kasoro. Ripoti ikipokelewa tarehe 27 Mei 2025, siku hizo zinaisha tarehe 25 Agosti. Usipokuwa na ushahidi wa kupokelewa, hesabu haina pa kuanzia.

Ushahidi huo ni muhuri wa masijala. Peleka barua halisi pamoja na nakala yako, wagonge muhuri wa IMEPOKELEWA wenye tarehe kwenye zote mbili, kisha rudi na yako. Kama ofisi inatumia daftari la kukabidhi barua badala ya kugonga nakala, hakikisha jina la mpokeaji linasomeka, maana sahihi peke yake ni mchoro tu mwaka mmoja baadaye. Barua iliyoachwa kwa mlinzi getini Mtumba au mikononi mwa “yule kijana wa mapokezi” haijapokelewa, hata ikikaa pale siku tatu.

Barua pepe nayo itume, siku hiyohiyo, ukiambatisha barua iliyosainiwa. Lakini soma kifungu cha mawasiliano katika mkataba wako. Kipo kinachokubali barua pepe kama taarifa rasmi, na kipo kinachotaka ikabidhiwe kwa mkono au kwa posta.

5. Inaandikwa kwa nani, na nani asaini?

Majina yote mawili yamo kwenye mkataba tayari. Barua inaandikwa kwa cheo kilichotajwa kama anwani ya mteja, ambacho kwa halmashauri ni Mkurugenzi Mtendaji na kwa wizara ni Katibu Mkuu, kwa kuwa hao ndio maafisa masuuli. Afisa elimu uliyefanya naye kazi miezi minne unaweza kumweka kwenye mstari wa “Kwa taarifa ya”, si kwenye anwani. Ukimwandikia yeye, barua itaishia kwenye jalada la idara yake, na aliyesaini mkataba atasema kwa haki kabisa kwamba hajaiona.

Upande wako anasaini mwakilishi aliyeidhinishwa, yaani yule aliyetajwa kwenye mkataba. Kiongozi wa timu ndiye anayeijua kazi, lakini kama jina lake halimo kwenye kifungu cha uwakilishi, sahihi yake haiifungi kampuni. Mwenye dhamana akiwa safarini, anayesaini “Kny” awe na barua ya kukaimishwa.

6. Ndani ya barua kuwe na nini hasa?

Ukurasa mmoja. Unaeleza ni kazi ipi ya mkataba, umeleta vitu gani na vingapi, umefanya nini na maoni ya mteja, na lipi ambalo mpokeaji anapaswa kulijua kabla hajaanza kusoma. Kwa mfano wetu ingekuwa hivi:

> Kumb. Na. ……
> 27 Mei 2025
>
> Mkurugenzi Mtendaji,
> Halmashauri ya Wilaya ya ……,
> S.L.P. ……,
> DODOMA.
>
> YAH: KUWASILISHA RIPOTI YA MWISHO YA TATHMINI YA MAJI NA VYOO KATIKA SHULE ZA MSINGI 24 – MKATABA NA. ……
>
> Tafadhali husika na mada tajwa hapo juu.
>
> 2. Kwa mujibu wa Mkataba uliosainiwa tarehe 3 Februari 2025, tunawasilisha Ripoti ya Mwisho, ambayo ni kazi ya nne na ya mwisho katika Kiambatisho A. Tarehe ya mwisho ya kuwasilisha ni 30 Mei 2025.
>
> 3. Tumeleta nakala ngumu 5 na flashi 1 yenye ripoti (PDF na Word), takwimu za shule zote (Excel) na picha za vyoo zilizotajwa katika Sura ya 4.
>
> 4. Ripoti imezingatia maoni 31 yaliyoletwa kwa barua yenu Kumb. Na. …… ya tarehe 6 Mei 2025. Maoni 27 yamefanyiwa kazi. Maoni 4 hayakubadilisha ripoti, na sababu ya kila moja imeelezwa katika Kiambatisho cha 6.
>
> 5. Shule 2 hazikufikiwa mwezi Machi kwa kuwa barabara zilijaa maji. Takwimu zake zilipatikana kwa mahojiano ya simu na walimu wakuu, na zimewekewa alama ya nyota katika majedwali yote.
>
> 6. Kwa ufafanuzi wowote, tafadhali wasiliana na Kiongozi wa Timu kwa simu namba ……
>
> Tunawasilisha kwa hatua zenu.
>
> (Sahihi)
> Jina
> Mwakilishi aliyeidhinishwa

Aya ya 3 inahesabu vitu kwa sababu mtu wa masijala anaweza kuvihesabu na wewe, mezani hapohapo. Ukiandika “nakala kadhaa pamoja na viambatisho”, mwezi ujao utaambiwa flashi haikuwepo, na hutakuwa na la kusema.

Aya ya 4 inakuepusha na malalamiko kwamba maoni yamepuuzwa. Kiambatisho kinachotajwa hapo ni jedwali la safu nne: maoni, aliyeyatoa, tulichofanya, ukurasa ulipo. Yale manne yasiyokubaliwa ndiyo yatakayosomwa kwanza, kwa hiyo yaandikie sababu kamili. “Imezingatiwa” si sababu.

Aya ya 5 ndiyo ambayo washauri wengi huiogopa, na ndiyo inayowalinda. Upungufu ukitajwa kwenye barua, mteja aliupokea akiujua. Ukifichwa kwenye tanbihi ya ukurasa wa 63 kisha ukagunduliwa na diwani kwenye kikao, unaitwa udanganyifu. Sentensi mbili zinatosha: nini hakikufanyika, na umefidia vipi. Maelezo marefu yabaki kwenye sura ya mbinu za kukusanya takwimu.

7. Je, nieleze matokeo makuu kwenye barua?

Si lazima, na kwa kawaida ni bora usieleze, kwani muhtasari upo kwa kazi hiyo. Isipokuwa kuna jambo lisiloweza kusubiri ripoti isomwe. Tuseme mmekuta shule moja ambayo sakafu ya choo cha shimo imepasuka na watoto bado wanakitumia. Hilo lilipaswa kuandikiwa barua yake siku lilipoonekana. Katika barua ya kuwasilisha unalikumbusha kwa kutaja namba ya barua ile.

8. Naweza kuomba malipo humohumo?

Usifanye hivyo. Andika barua nyingine yenye kumbukumbu namba yake, uambatishe ankara. Barua ya ripoti inakwenda jalada la mradi, barua ya ankara inakwenda uhasibu. Ukiziunganisha, karatasi moja inatakiwa iwe mahali pawili, na anayeisubiri ni wewe. Katika barua ya ankara taja kumbukumbu namba na tarehe ya kupokelewa ya barua ya ripoti, uambatishe nakala yake yenye muhuri. Mhasibu akiona hivyo hana haja ya kupiga simu idarani kuuliza kama kazi imefika.

9. Barua ifungwe ndani ya ripoti au ikae nje?

Zote mbili, kwa kazi tofauti. Barua halisi yenye sahihi ya wino iko nje, ndiyo inayopita masijala, inachanganuliwa na kuingizwa kwenye mfumo wa e-Office pale unapotumika. Nakala yake, ikiwa mteja anataka, inafungwa baada ya ukurasa wa jina la ripoti, ili hata nakala itakayokaa kabatini miaka kumi ionyeshe ilitoka wapi.

Ripoti ikienda kuchapishwa kwa umma au kuwekwa kwenye tovuti, barua inatolewa. Ni mawasiliano ya watu wawili wenye mkataba, ina namba ya simu ya mtu, na pengine inataja mambo yaliyobaki kujadiliwa.

Uamuzi huu ufanywe mapema, kwa sababu unagusa namba za kurasa (swali la 17).

10. Barua iwe na tarehe gani?

Siku itakayopelekwa, si siku ilipoandikwa. Mwezi ulio kwenye jalada nao ulingane na wa barua. Jalada linaposema “Aprili 2025” na barua ni ya tarehe 27 Mei, msomaji wa kwanza atauliza kama ameletewa rasimu iliyobadilishwa jalada, na mara nyingine kweli ndivyo ilivyo. Ikiwa mlichelewa, barua itaje kumbukumbu namba ya barua iliyowaongezea muda.

## Dibaji

11. Dibaji ni ya mteja, mbona sisi ndio tunaambiwa tuiandike?

Ni jambo la kawaida na halina ubaya. Mkurugenzi hana siku nzima ya kukaa na ukurasa mmoja. Unachoandika ni rasimu, na inakuwa ya kwake akiisoma, akaibadilisha atakavyo na kuisaini. Itume kama faili la Word peke yake, si ndani ya ripoti iliyofungwa, ili aweze kuifanyia kazi. Jina na cheo uviache wazi hadi sahihi ipatikane. Kuna ripoti zilizowahi kuchapwa zikiwa na jina la kiongozi chini ya maneno ambayo hajawahi kuyaona. Usiwe wewe.

Katika nyaraka nyingi za wizara, dibaji husainiwa na Waziri na shukrani na Katibu Mkuu. Kwenye halmashauri, Mkurugenzi Mtendaji anatosha. Mwenyekiti wa Halmashauri huombwa pale ripoti inapokuwa msingi wa mpango utakaopitishwa na Baraza la Madiwani.

12. Iwe na urefu gani, na iseme nini?

Ukurasa mmoja, maneno 300 hadi 400. Aya ya kwanza ieleze tatizo kwa lugha ya mteja, ya pili kwa nini tathmini iliagizwa sasa, ya tatu nani ataitumia ripoti na kwa uamuzi upi. Kinachoharibu dibaji mara kwa mara ni mambo mawili.

La kwanza ni takwimu. Tuseme rasimu ya Aprili ilionyesha upungufu wa matundu ya vyoo 212, kwa kigezo cha tundu 1 kwa wasichana 20 na tundu 1 kwa wavulana 25. Baada ya maoni, idadi ya wanafunzi wa shule tatu ilirekebishwa na upungufu ukawa 198. Muhtasari ulisahihishwa, Sura ya 4 ilisahihishwa, lakini dibaji ilikuwa mezani kwa Mkurugenzi ikisubiri sahihi. Ikarudi na 212. Hapo ripoti moja ina idadi mbili, na ile mbaya ina sahihi ya mkubwa. Ndiyo maana ni salama dibaji isiwe na takwimu inayotokana na ripoti yenyewe. Andika “shule nyingi bado hazijafikia kigezo” na uache hesabu zikae kwenye muhtasari.

La pili ni ahadi. Linganisha sentensi hizi mbili:

> Halmashauri itajenga matundu yote yaliyopungua ifikapo mwaka 2027.

> Halmashauri itatumia matokeo haya kupanga shule zipi zianze, kwa kadiri bajeti itakavyoruhusu.

Ya kwanza ni ahadi ya fedha iliyoandikwa na mshauri asiye na bajeti. Mkurugenzi makini ataifuta, na asipoifuta itamrudia kwenye kikao cha Baraza. Ya pili anaweza kuisaini leo bila kumuuliza mweka hazina.

13. Mteja anataka dibaji iseme “tunakubaliana na mapendekezo yote”. Tukubali?

Ni dibaji yake, hivyo anaweza kusema anachotaka kuhusu msimamo wake. Mkumbushe tu kwamba kukubali mapendekezo kwa kawaida hufanywa kwa waraka wa pekee, pendekezo kwa pendekezo, baada ya idara kulijadili kila moja. Linalopaswa kukushtua ni kinyume chake: dibaji inayokanusha au kulainisha matokeo. Mfano, sura inasema shule 9 hazina maji kabisa, dibaji inasema “shule zote zina huduma ya maji ya kuridhisha”. Hapo andika barua rasmi, onyesha kurasa zinazogongana, omba dibaji irekebishwe au iondolewe. Jina la kampuni yako liko kwenye jalada.

14. Aliyesaini dibaji amehamishwa kabla ya kuchapa. Tufanyeje?

Muulize mteja kwa maandishi, usiamue mwenyewe. Kama dibaji ilisainiwa na kuwekwa tarehe akiwa bado ofisini, inaweza kubaki ilivyo, tarehe ndiyo inayomtetea. Kama haikusainiwa, rasimu inaanza upya kwa aliyechukua nafasi yake. Usibadilishe jina chini ya maneno yaleyale. Mgeni huyo huenda hakubaliani hata na kuanzishwa kwa tathmini yenyewe.

## Shukrani

15. Tuanze na nani, na tuwataje watu kwa majina?

Anza na waliotoa kitu ambacho bila hicho ripoti isingekuwepo, na useme kitu hicho. “Ofisi ya Elimu Msingi ya wilaya ilitupatia idadi ya wanafunzi ya kila shule na kuihakiki mara mbili” ni shukrani. “Tunashukuru wote kwa ushirikiano wao wa dhati” ni kelele za adabu tu. Itifaki ya vyeo ifuatwe ndani ya kundi moja: mkoa kabla ya wilaya, wilaya kabla ya kata, kata kabla ya kijiji. Vyeo ni bora kuliko majina kwa sababu ya uhamisho (swali la 14), na kwa sababu jina moja likikosewa herufi linafuta shukrani yote. Ukitaja majina, mwenye jina aione orodha kabla ya kuchapa.

Mfadhili anatajwa kwa maneno aliyoyaweka mwenyewe kwenye mkataba wake, pamoja na sentensi kwamba maoni ya ripoti si lazima yawe yake, kama ameitaka. Timu yako ndani ya kampuni usiishukuru kwa kufanya kazi iliyolipwa. Orodha ya wataalamu iwekwe kwenye kiambatisho.

Ukurasa wa nusu unatosha.

16. Je, tuwataje tuliowahoji?

Kama uliwaahidi usiri, hapana, na hapa shukrani huvujisha siri bila mwandishi kujua. Sura ya 5 ya mfano wetu inasema: “Mwalimu mkuu mmoja alieleza kuwa fedha za ukarabati wa vyoo zilitumika kwa kazi nyingine.” Jina halipo, shule haipo. Kisha shukrani zinataja walimu wakuu wa shule sita zilizoshiriki mahojiano ya kina. Kati ya shule hizo sita, jedwali la Sura ya 4 linaonyesha ni moja tu iliyopokea fedha za ukarabati. Mtu akikaa na kurasa hizo tatu kwa dakika tano, amempata mwalimu.

Kumbuka kwamba cheo pekee kinaweza kuwa jina. Shule ina mwalimu mkuu mmoja na kijiji kina mwenyekiti mmoja. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inahusu taarifa yoyote inayomtambulisha mtu, si jina tu. Kwa usalama andika “walimu wakuu, wajumbe wa kamati za shule, wazazi na wanafunzi wa shule zote 24”, na usitaje ni nani kati yao alihojiwa kwa kina. Picha ya kikundi cha wahojiwa kando ya shukrani nayo iondolewe.

Vilevile kuna kosa la upande wa pili: mgeni aliyekuja kufungua mkutano tu akatajwa kama “mchangiaji”. Msomaji atadhani ameyapitia matokeo.

Jambo jingine linalohusiana na hili. Mara nyingi shukrani husema “tunaishukuru Halmashauri kwa kutupatia gari na dereva”. Sentensi ni ya adabu, lakini inamwambia msomaji makini kwamba waliotathmini walifika shuleni na gari la wanaotathminiwa, dereva akiwa mtumishi wao. Je, walimu walijibu kwa uhuru? Huenda ndiyo. Ila suala hilo ni la sura ya mbinu za kukusanya takwimu, chini ya mipaka ya utafiti: gari lilitumika katika shule ngapi, dereva alikaa wapi mahojiano yakiendelea. Ukishalieleza kule, kulishukuria huku hakuna neno.

## Kompyuta na mambo yasiyo ya kawaida

17. Namba za kurasa zinanivuruga. Na kwenye yaliyomo inaandika “1. Dibaji”.

Kurasa za mwanzo zinatumia namba za Kirumi ndogo (i, ii, iii), na namba 1 inaanza kwenye sura ya kwanza. Ukurasa wa jina unahesabiwa i lakini haionyeshwi. Barua iliyofungwa ndani haipewi namba wala haiingii kwenye yaliyomo, ili ikitolewa isibaki pengo.

Kwenye Word, weka kishale kabla ya kichwa cha sura ya kwanza, kisha `Layout > Breaks > Next Page`. Bofya mara mbili sehemu ya chini ya ukurasa wa sura hiyo na uzime `Link to Previous`. Watu wengi husahau hatua hii, ndiyo maana wakibadili huku na kule kunabadilika. Halafu `Page Number > Format Page Numbers`, chagua `1, 2, 3` na `Start at: 1`. Rudi sehemu ya mwanzo uchague `i, ii, iii`. Rudia kukata kabla na baada ya barua, uzime `Link to Previous` kwenye sehemu ya barua na inayoifuata, ufute namba kwenye ukurasa wa jina na kwenye barua, na sehemu inayofuata barua uipe `Start at: ii`.

Ile “1. Dibaji” inatokea kwa sababu umetumia `Heading 1` yenye namba. Tengeneza mtindo mwingine usio na namba, uuite kwa mfano `Kichwa Mwanzo`, uutumie kwa dibaji, shukrani na vifupisho. Kisha `References > Table of Contents > Custom Table of Contents > Options`, andika 1 mbele ya mtindo huo. Kufuta namba kwa mkono hakusaidii sana, itarudi mtindo ukitumiwa upya.

18. Mteja amerudisha ripoti ya mwisho kwa marekebisho. Natumia barua ileile?

Hapana. Barua mpya, kumbukumbu namba mpya, tarehe mpya, na kwenye YAH iongezwe “toleo la 2”. Taja barua ya kurudisha na kila kilichobadilika kwa kurasa. Ile ya kwanza usiiondoe kwenye jalada lako, kwani ndiyo inayoonyesha kuwa ulikabidhi ndani ya muda, yaani kabla ya tarehe 30 Mei katika mfano wetu. Nakala ngumu za zamani ziombe zirudi, au angalau ziandikwe LIMEFUTWA. Matoleo mawili yakizagaa idarani, lile la makosa ndilo litakalonukuliwa.

19. Sisi ni kampuni mbili kwa ubia. Na mimi ni mshauri binafsi, sina karatasi yenye nembo.

Kwa ubia anasaini kiongozi wa ubia aliyetajwa kwenye mkataba, kwenye karatasi yenye majina ya wote, na mshirika anapewa nakala. Mshauri binafsi anaandika jina, anwani na simu juu ya karatasi nyeupe, basi. Nembo haiongezi uzito, namba ya mkataba ndiyo inayoongeza.

20. Ripoti ni ya Kiingereza. Barua na dibaji ziwe kwa lugha gani?

Barua ifuate lugha ya mawasiliano iliyotajwa kwenye mkataba. Dibaji inaweza kuwa ya Kiswahili hata ripoti ikiwa ya Kiingereza, na kwa ripoti itakayosomwa na kamati za shule ni vyema muhtasari nao uwekwe kwa Kiswahili. Ila dibaji ikiwekwa kwa lugha zote mbili, mteja asaini zote, na mtu mmoja azisome kwa pamoja sentensi kwa sentensi. Tofauti ndogo, kama “inapaswa” upande mmoja na “inaweza” upande wa pili, ndiyo itakayobishaniwa.